Nilishathibitisha kwenda harusini, sasa siwezi: nimwandikieje?

*Shikamoo dada. Rafiki yangu wa tangu shuleni anaolewa siku 10 kutoka leo, mji mwingine. Nilishamthibitishia dada yake, ambaye ndiye anayeshika orodha ya wageni, kwamba tutakuja mimi na mume wangu. Sasa hali ya fedha nyumbani imebadilika na safari hiyo hatuiwezi. Sitaki rafiki yangu ajue habari za fedha, maana ataanza kuhangaika. Nimeandika ujumbe huu, lakini kila nikitaka kuutuma nasita: "Mambo mpenzi, za maandalizi? Najua uko bize sana. Sijui hata nianzie wapi, naona aibu kweli. Kuna mambo yameingiliana huku, usafiri nao umekuwa mgumu, kwa hiyo sidhani kama nitaweza kuja, ila bado naangalia, nitajitahidi mpaka dakika ya mwisho. Tafadhali usinichukie. Unajua nakupenda." Naomba unirekebishie.*

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kusita. Ujumbe huo una upendo mwingi ndani yake, lakini ukiutuma ulivyo utamwachia rafiki yako kazi ambayo hukukusudia kumpa, tena katika siku ambazo hana nafasi ya kazi nyingine.

Nimeshika orodha za wageni kwa miaka mingi, na wenye harusi wengi wamenisomea jumbe za namna hii wakitaka kujua wazijibu vipi. Mgeni akisema wazi kwamba hatakuja, mwenyeji husikitika, kisha huendelea na shughuli zake. Anayemkera, na ambaye hukumbukwa hata miezi baadaye, ni yule aliyemfanya akisie kama anakuja au haji, ambembeleze, amtafutie ufumbuzi, au apige simu kuuliza nafasi ni moja au mbili. Kwa hiyo kila sentensi utakayoandika ipime kwa swali moja: akimaliza kuisoma, anabaki na kazi gani? Sentensi inayomwachia kazi, iondoe au uiandike upya.

Kwanza ujue amefika wapi. Watu wa chakula kwa kawaida hutaka idadi ya mwisho kati ya wiki 1 na wiki 2 kabla ya harusi. Wakishaipokea wananunua vitu na kupanga wahudumu, na kuanzia hapo ukipunguza watu, bili mara nyingi haipungui. Wakati huohuo anayeshika orodha anapanga meza, na meza nyingi za ukumbini ni za watu 8 au 10. Wewe uko siku 10 kabla, yaani katikati kabisa ya kipindi hicho. Huenda idadi bado haijatumwa, huenda imetumwa jana. Huna haja ya kuuliza ni lipi. Mjulishe leo, naye atajua la kufanya. Kama idadi haijatumwa, umemwokolea gharama ya watu wawili. Kama imetumwa, bado ana muda wa kuwapa nafasi hizo watu wengine, na karibu kila harusi ina watu ambao wenyeji walitamani kuwaalika ila nafasi hazikutosha. Ukikaa na ujumbe huu siku 4 zaidi ukiutafutia maneno mazuri, nafasi hiyo ya kualika wengine inapotea, kwa sababu mtu anayealikwa siku chache kabla anaona dhahiri kwamba anaziba pengo.

Sasa tuutazame ujumbe wako.

Umeanza kwa salamu na habari za maandalizi, na habari yenyewe imekuja katikati. Kwa mazungumzo ya kawaida huo ndio utaratibu, na sikukatazi kumsalimu. Lakini fikiria anavyoupokea. Kwenye kioo cha simu yake inatokea mistari miwili ya mwanzo tu: "Mambo mpenzi, za maandalizi? Najua uko bize sana." Ataona ni salamu kama salamu nyingine nyingi za wiki hii, ataiacha asome baadaye, na baadaye hiyo inaweza kuwa siku 3. Salamu iwe fupi, neno moja au mawili, na habari ifuate hapohapo.

Kisha umeandika "sidhani kama nitaweza kuja, ila bado naangalia, nitajitahidi mpaka dakika ya mwisho". Hii ndiyo sentensi mbaya kuliko zote, na najua umeiandika kwa nia njema, ukidhani unampunguzia maumivu. Tazama inamwacha wapi. Akikutoa kwenye orodha, anaogopa utatokea mlangoni usiwe na kiti. Akikuacha, analipia sahani mbili na meza inabaki na mapengo mawili. Hawezi kufanya lolote mpaka akuulize tena, na kukuuliza tena kunamfanya ajione anakulazimisha. Umesema mwenyewe kwamba safari hiyo hamuiwezi. Basi mwambie hamtakuja, kwa neno ambalo halina mlango wa nyuma: "hatutaweza kuja". Jibu kamili la namna hiyo linauma mara moja tu.

Angalia pia kwamba umeandika "nitaweza", wakati mlithibitisha wawili. Mume wako hayumo kabisa kwenye ujumbe. Kosa hili nimeliona mara nyingi mno. Anayesoma anabaki kujiuliza kama shemeji yake atakuja peke yake, na akiwa mstaarabu ataona haya kuuliza. Andika "mimi na mume wangu", na mahali fulani utaje nafasi mbili kwa namba yake.

"Naona aibu kweli" na "tafadhali usinichukie" nitazisema pamoja, maana zinafanya jambo moja. Zote zinamtaka bibi harusi akuhudumie wewe. Akishasoma "usinichukie" hana budi kuandika "wala sikuchukii, jamani, usijali", hata kama kwa wakati huo amekasirika kidogo, na ana haki ya kukasirika kidogo. Mwachie haki hiyo. Halafu kuna jambo ambalo pengine hukuligundua: ujumbe wako una aibu, una hofu na una mapenzi, ila hauna samahani. Hakuna mahali ulipomwomba radhi. Aibu ni habari zako wewe. Samahani ndiyo inayomfikia yeye. Iandike mara moja, na useme unaomba radhi kwa lipi hasa: kwamba ulithibitisha, kisha unajitoa wakati mipango imeshafanyika. Mara moja inatosha. Samahani ikirudiwa mara tatu au nne inageuka kuwa "usinichukie" kwa maneno mengine.

Sasa tufike kwenye sababu, ambapo nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ujumbe wa aina hii huharibikia.

Umeandika "usafiri nao umekuwa mgumu". Rafiki wa tangu shuleni akisoma hivyo atajibu nini? Kama anakupenda kama unavyosema, atajibu ndani ya dakika tano: "Usafiri tu? Binamu yangu anatoka hukohuko na gari, mtakuja naye." Sasa umebanwa. Tatizo halikuwa gari peke yake. Kuna mahali pa kulala, kuna zawadi, kuna siku za kazi mtakazokosa. Inakubidi ukatae mara ya pili, na mara hii unaukatalia mbali msaada aliojitolea kuutafuta. Kukataa mara ya pili ndiko kunakoumiza, kwa kuwa hapo ataanza kujiuliza kama usafiri ulikuwa kisingizio na kwamba hutaki tu kuja. Ndiyo maana nawaambia watu wasitaje kikwazo chochote ambacho mwenyeji anaweza kukiondoa: usafiri, malazi, mtu wa kukaa na watoto, nguo ya kuvaa. Ukikitaja, atajaribu kukiondoa.

Kwa upande wa pili kuna "kuna mambo yameingiliana". Hii nayo ni nyepesi mno kwa rafiki wa muda mrefu. Mambo gani yanayoshinda harusi yake? Atahisi kuna mwaliko mwingine umeupendelea. Maneno hayo yanamfaa mtu mnayejuana kwa mbali, wala hata yeye hayamfai sana.

Na kuna njia ya tatu ambayo najua inakujia kichwani, maana inamjia kila mtu: ugonjwa. Usiiguse. Sizungumzii dhambi ya uongo peke yake. Uongo wa ugonjwa unamfanya akupigie simu kukujulia hali, amtume mtu anayeishi karibu nawe aje kukutazama, na akwambie pole mbele ya watu miezi mitatu baadaye wakati wewe umeshasahau ulichosema. Kila mara utalazimika kuulisha uongo huo. Mume wako naye itabidi aujue na aukumbuke.

Unachohitaji ni sababu yenye sifa mbili: iwe kweli, na iwe imefungwa, yaani isiache upenyo wa kuingiza msaada. Hali yako ina sababu hiyo tayari. Mapato ya nyumba kubadilika ni jambo la familia, na jambo hilo linawazuia kusafiri. Kwa hiyo "kuna jambo la kifamilia ambalo halituruhusu kusafiri wiki hiyo" ni ukweli mtupu, hata siku akija kuujua wote hatakuta mahali ulipomdanganya. Hujamficha kwa uongo. Umemwambia sehemu ya ukweli anayohitaji kwa sasa, na iliyobaki ni yako.

Ila maneno "jambo la kifamilia" yana athari moja ya pembeni: yanatisha. Msomaji anawaza msiba, anawaza hospitali, anawaza ndoa imeingia matatani. Kwa hiyo ongeza maneno machache ya kuifunga hofu hiyo: "sote tuko salama". Bila maneno hayo atakupigia simu kabla hujaiweka simu yako chini. Ukiyaweka, karibu kila mtu anaelewa kwamba jambo lipo, si la kutisha, na hutaki kulieleza. Usitumie neno "dharura" hapa. Dharura inataka kuulizwa.

Kitu kimoja nataka ujiulize kwa dhati kabla hatujaandika. Je, ukipata mtu wa kukulipia safari, ungekwenda? Kama moyoni jibu ni ndiyo, basi usitume ujumbe wa kujitoa. Mpigie rafiki yako au mtu mwingine unayemwamini, useme shida ilivyo na uombe msaada waziwazi. Ujumbe wa kujitoa unaobeba ombi la msaada kwa siri, ukingoja abembeleze, unachosha pande zote mbili, na mwenyeji mwenye akili huusoma mara moja. Kwa jinsi ulivyoniandikia naona hutaki asaidie. Sawa, basi ujumbe uwe wa kujitoa tu.

Huu hapa, kama ningekuwa mimi ninayemwandikia:

> Mpenzi, habari yako. Nakuandikia kwa masikitiko: mimi na mume wangu hatutaweza kuja kwenye harusi yako, ingawa nilikuwa nimeshathibitisha. Kuna jambo la kifamilia ambalo halituruhusu kusafiri wiki hiyo. Sote tuko salama, usiwe na wasiwasi. Naomba uniwie radhi kwa kujitoa wakati mmeshapanga kila kitu. Nafasi zetu 2 ni zenu kuanzia sasa, na namwandikia dada sasa hivi ili atutoe kwenye orodha. Tangu tukiwa darasani tulizungumzia siku hii, na kutokuwepo kunaniuma. Usihangaike kunijibu, najua ulivyobanwa. Nitakutafuta mambo yakitulia, unisimulie yote.

Uusome kwa sauti. Kama kuna neno ambalo wewe na yeye hamlitumii kabisa, libadilishe, kwa sababu ujumbe ukiwa na lugha ya barua ya ofisini atadhani kuna kitu kimeharibika kati yenu. "Mpenzi" nimeiacha kwa kuwa ndivyo ulivyomwita wewe. Usibadilishe mpangilio, nao nitaueleza kwa kifupi. Habari yenyewe imekuja kwenye sentensi ya pili, kwa hiyo inaonekana hata kwenye kioo kabla hajaufungua ujumbe. Sababu imepata sentensi moja. Ikipata tatu, inaanza kufanana na utetezi, na mtu anayejitetea sana huonekana ana kosa. Radhi imeombwa mara moja, na imetajwa kwa ajili ya nini. Kisha imekuja habari ya nafasi 2 na orodha, ambayo wageni wengi huisahau ingawa ndiyo inayomtua mwenyeji mzigo.

Ile sentensi ya darasani nimeibuni tu kukuonyesha mahali pake. Weka kumbukumbu yenu ya kweli, iwe ndogo na iwe ya kwenu wawili: jambo mlilowahi kuliahidiana, au mtu uliyetamani kumwona akicheza siku hiyo. Sentensi moja kama hiyo inabeba mapenzi kuliko "unajua nakupenda", kwa sababu hakuna mgeni mwingine anayeweza kuiandika. Lakini isizidi moja. Ukiandika aya nzima ya kumbukumbu, atalia, na hana muda wa kulia wiki hii.

"Usihangaike kunijibu" isiondoke. Inampa ruhusa ya kusoma, kusikitika kidogo na kurudi kwenye shughuli zake. Atakujibu akiweza.

Utaona sikugusa zawadi. Ukiitaja kwenye ujumbe huuhuu inasomeka kama fidia, kana kwamba unalipa ili usamehewe. Tena hali yenyewe hairuhusu ahadi, na ukiahidi halafu ukashindwa utakuwa umejitoa mara mbili. Wala usijitolee kulipa gharama ya viti vyenu. Atakataa, na atalazimika kukataa kwa upole, ambayo ni kazi nyingine umempa. Na tafadhali usipendekeze mtu wa kuja badala yenu, hata kama mdogo wako anaishi mji huohuo na ana hamu. Viti hivyo ni vya wenye harusi, nao ndio wanaojua nani wanataka awepo.

Jihadhari pia na maneno yanayoelekeza lawama kwao bila wewe kujua. "Tarehe yenu imegongana na mambo yetu", "harusi imekuwa mbali", "mwaliko ulikuja ghafla". Anayesoma anasikia kwamba kosa ni la harusi yake. Anayejitoa ni wewe, basi sentensi ianze na wewe.

Sasa dada yake. Yeye ndiye uliyempa jibu la kwanza, na jina lako liko kwenye karatasi yake. Ukimwambia bibi harusi peke yake, unategemea akumbuke kupeleka ujumbe, na wiki hii hatakumbuka. Nimeshasimama ukumbini na viti vilivyo wazi vya watu waliokuwa wametoa udhuru wao wiki nzima kabla, ila habari iliishia kwenye simu ya bibi harusi. Lakini fuata utaratibu: rafiki yako kwanza, dada dakika chache baadaye. Dada akijua kwanza, rafiki yako ataisikia habari yako kwa mdomo wa mtu mwingine, na hapo maneno yote mazuri uliyomwandalia yamepoteza nguvu. Kwa dada iwe kavu na fupi:

> Shikamoo dada. Naomba ututoe kwenye orodha ya wageni mimi na mume wangu, nafasi 2. Bibi harusi nimeshamwandikia mwenyewe. Samahani kwa kukurudisha nyuma kwenye mpangilio.

Kama ni mdogo wako kwa umri, badilisha salamu. Sababu usimpe. Akiuliza, mwambie ni jambo la kifamilia, maneno yaleyale uliyotumia kwa rafiki yako. Wawili hao watazungumza, na sababu zikitofautiana hata kidogo, mmoja atadhani amedanganywa. Kwenye kundi la simu la harusi, kama lipo, usiandike chochote. Mgeni mmoja akitangaza kujitoa mbele ya wote, wengine waliokuwa wanasitasita hupata ujasiri wa kumfuata, na bibi harusi anatazama orodha yake ikimeguka mbele ya macho ya watu.

Tuma leo, saa ambayo mtu yuko macho na anaweza kufanya kitu. Asubuhi baada ya watu kuamka, au mchana. Usitume saa 5 usiku kwa sababu ndipo ujasiri umekujia. Ataenda kulala nao. Na usimpigie simu kwanza. Najua wengi wanaamini simu ndiyo heshima, na kwa mwenyeji aliyekuzidi sana umri, kama vile mzazi wa bibi harusi aliyekualika yeye mwenyewe, nami ningepiga. Lakini kwa rafiki wa rika lako simu inamlazimisha akujibu papo hapo, akiwa pengine amezungukwa na watu, na sauti yake inabidi iwe ya furaha. Maandishi yanampa nafasi ya kukunja uso bila kuonekana. Hesabu ingekuwa tofauti kama zingebaki siku 2 au pungufu. Hapo ungempigia dada moja kwa moja ili viti viondolewe, kisha ungemwachia bibi harusi ujumbe mfupi wa kusoma atakapopata nafasi. Na kama ungekuwa na kazi siku hiyo, kusimama naye au kusoma neno, ujumbe ungepaswa kutaja kazi hiyo na kumwambia ni nani ameshakubali kuibeba. Wewe ni mgeni wa kawaida, hilo halikuhusu.

Baada ya kutuma, majibu yanaweza kuwa ya namna tatu.

La kwanza ni la ukarimu: "Kama ni nauli niambie, nitawatumia." Rafiki anaweza kuhisi hata kama hujasema. Jibu lake liwe tayari kabla hujatuma ujumbe wa kwanza, kwa sababu ukilitunga papo hapo utayumba na kurudi kwenye "basi ngoja niangalie". Andika hivi:

> Asante sana kwa moyo huo, umenigusa. Tumeshaamua, na hatutabadilisha. Nafasi hizo mpe mtu mwingine tafadhali, ndivyo nitakavyofurahi.

Hujakiri kwamba ni nauli na hujakana. Umepokea upendo wake na umefunga jambo. Akirudia tena, usitoe sababu mpya. Rudia hayohayo kwa maneno machache zaidi.

La pili ni jibu fupi: "Sawa." Au "Haya, asante kwa kunijulisha." Hapa wengi huharibu kilichokuwa kimekaa vizuri. Wanaona ufupi huo ni hasira, wanaanza kuandika ujumbe wa pili wa kujieleza, wa tatu wa kuuliza kama amekasirika. Mtu aliye siku 10 kabla ya harusi yake hujibu kila mtu kwa ufupi, hata mshona nguo yake. Na hata kama amekasirika, ulimwahidi kwamba hahitaji kukujibu. Iheshimu ahadi hiyo. Kimya, ambacho ndicho namna ya tatu, kichukulie vivyo hivyo, mradi umeona ujumbe umefika. Kama baada ya siku 2 haujafika kwake, hakikisha kwa dada kwamba orodha imerekebishwa, basi.

Siku ya harusi mtumie baraka kwa sentensi moja au mbili, mapema asubuhi, bila kurudia kuomba radhi na bila kutaja kwamba hupo. Wikiendi hiyo usiweke picha za mtoko wowote kwenye mtandao, hata kama ni chai tu kwa jirani. Picha haisemi chai ilikuwa ya bure. Mwambie na mume wako, maana mara nyingi picha inayoleta maneno huwa imewekwa na mwenzi ambaye hakujua.

Kisha timiza ile ahadi ya mwisho wa ujumbe. Wiki moja au mbili baada ya harusi mpigie, na hapo simu ndiyo inayofaa. Mwombe akusimulie, muulize mambo madogomadogo, mwache aongee kwa muda anaoutaka. Kama kuna zawadi mliyoiweza kwa hali yenu, hata kadi iliyoandikwa kwa mkono wako, huu ndio wakati wake, na haitasomeka kama malipo. Akiuliza wakati huo ni jambo gani lililowazuia, unaweza kumwambia ukweli wote ukitaka, kwa kuwa sasa hana tena sherehe ya kuivuruga kwa ajili yenu. Akilalamika kwamba ungemwambia mapema angesaidia, mwambie ndiyo sababu hukumwambia.